Kiwanja cha Marehemu

Kaka yangu alikufa bila mke, bila mtoto, bila wosia, akaacha kiwanja chenye vyumba vya kupangisha kule Gumbo. Matanga hayajaisha, baba akaanza kutafuta mnunuzi. Nilimwambia wazi kwamba hauzi. Nani alibeba matofali pale na marehemu, kama si mimi?

Tukafikishana mahakamani, na hakimu akatuelekeza kwa chifu wetu, mambo yaamuliwe kwa mila ya Kidinka. Baba akasema mali ya kijana asiyeoa hurudi kwa baba yake. Nikamjibu, "Baba, na jina lake je? Kwetu mwanamume hafi akapotea hivihivi. Huozwa mke hata akiwa kaburini, na mali yake ndiyo mahari." Mama akasema kila akilala marehemu humjia, akiuliza mkewe yuko wapi.

Chifu akaamua. Kiwanja hakiuzwi. Baba akisimamie tu, kodi inunue ng'ombe wa mahari, mdogo wa marehemu aoe mke kwa jina lake, na kiwanja kiwe cha watoto watakaozaliwa. Mdogo wake ni mimi.

Miaka imepita, na sasa naishi pale na mke wa kaka yangu. Akinipakulia chakula, macho yake hupita begani kwangu, kama kuna mtu nyuma.

Juzi, shuleni, mwalimu alimwuliza mtoto niliyemzaa jina la baba yake. Akataja la kaka, bila kusita. Nilikuwa nimemshika mkono.