Safu Tatu za Propu

Ile karatasi bado ninayo. Ina alama ya kidole chenye saruji kwenye ukurasa wa pili, na sijui ni kidole changu au cha khocha. Khocha ni mjomba wangu, ndugu wa mama. Ndiye aliyenivisha nyama ya kifua cha ng'ombe shingoni nilipokuwa naenda kutahiriwa, na ndiye aliyenishikisha nyundo mara ya kwanza. Kwetu Bungoma khocha si mtu wa kumjibu hovyo. Nasema hivi mapema ili nisijitetee mbele.

Mimi niliishia darasa la nane. Kwa hiyo injinia aliponiita ofisini kwake Bungoma, akaniwekea kurasa nne mezani, jasho lilinitoka. Ilikuwa karatasi ya propu, zile nguzo za muda zitakazobeba slabu, sakafu ya konkriti, ya orofa ya kwanza ya jengo letu Kitale, kabla konkriti haijaweza kujibeba. Ilisema propu zisimame wima, juu ya mbao nene, umbali gani kati ya moja na nyingine, na uzito gani usizidi juu. Ilisema pia lini zitolewe, na kwa mpango upi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa nani anajibu kwa jambo lipi. Injinia amepiga hesabu. Msaidizi wake pale saiti ndiye wa kutia sahihi kibali cha kutoa. Mimi, msimamizi wa propu, niwaelezee mafundi kila mstari, na niwe hapo hapo tangu propu ya kwanza inapolegezwa mpaka ya mwisho.

"Umeelewa?" injinia aliniuliza.

"Nimeelewa," nikasema. Nafikiri nilielewa. Nilitia sahihi.

Jumatatu niliwakusanya mafundi chini ya mabati ya stoo, nikasoma. Nilisoma Kiswahili, pengine nikageuza kwa Kibukusu. Kwa slabu ya ndani, anza katikati ya chumba uende kwenye kuta. Kwa balkoni, inayotokeza nje bila nguzo, anza safu ya nje kabisa, ukija ndani, ya ukutani iwe ya mwisho.

Khocha alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alicheka.

"Ati niingie ndani? Hiyo kalatasi inataka kunizika, bana. Mimi naanza ukutani naludi nyuma, mgongo uko kwa jua. Ikilia, niko balabalani."

Vijana wakaangua kicheko. "Mzee, wewe ni mbio tu!"

Na mimi nikacheka. Hapa ndipo ninaporudi kila siku. Ningesema, "La, khocha, balkoni si hivyo." Lakini yeye ndiye aliyenifundisha kurudi nyuma nikielekea nje. Alinifundisha hivyo kwa kunipenda, maana amewahi kuona mtu akifukiwa. Kumrekebisha mbele ya watoto wa watu niliona ni ukosefu wa adabu. Nikageuza ukurasa. Mwisho kila mmoja akatia sahihi kwamba ameelezwa. Ya khocha ni ndefu, ina mkia.

Siku ya kutoa, hakuna mtu aliyekimbiza kazi. Hilo lazima niliseme. Vile vipande vya mraba vya konkriti, kyubu tunaziita, vililala kando ya slabu chini ya magunia yale yale yaliyolowa, vikapigwa na baridi ile ile ya Kitale, ndipo vikapelekwa kupondwa ili nguvu yake ipimwe. Karatasi ilitaka balkoni isubiri mpaka kyubu hizo zifikie nguvu yote, si nusu. Zilifikia. Juu ya balkoni hapakuwa na tofali hata moja. Kibali kilitiwa sahihi asubuhi. Konkriti haikuwa na kosa, na aliyetia sahihi hakuwa na kosa.

Tukamaliza ndani vizuri. Tulipofika balkoni, lori la kokoto likapiga honi getini.

"Enda tu, mpwa," khocha akaniambia. "Hizi ni safu tatu. Ni kazi ya kumaliza uji."

Nikaenda. Karatasi ilisema niwe hapo hapo. Nikaenda.

Sikusikia kishindo. Nilisikia pah, kama mtu amevunja kuni moja. Niliporudi, khocha alikuwa nje kwenye jua, salama, spana mkononi. Alikuwa ametoa safu ya ukutani na ya katikati. Safu ya nje ilibaki peke yake imebeba ukingo, na tumbo la balkoni likashuka kidogo. Chini yake ufa ulipita upande hadi upande, mwembamba kama uzi. Nilipiga kelele watu watoke, nikakataza mtu kugusa ile safu ya nje. Injinia alipofika alituagiza tusimamishe propu nyingine ziguse tu, tusisukume juu. Baadaye balkoni ile ilibomolewa, ikamwagwa upya.

Hakuna aliyeumia. Watu wananiambia nishukuru kwa hilo, nami nashukuru.

Tuliketi stoo, injinia, msaidizi wake, khocha na mimi. Injinia hakupaza sauti.

"Huu mstari wa balkoni, alielezwa?"

"Niliusoma," nikasema.

Ilikuwa kweli. Sikusema nilicheka. Sikusema nilikuwa getini, mpaka msaidizi aliposema kwa niaba yangu. Khocha aliniangalia, nikaangalia ndoo.

"Alisoma," khocha akasema. "Sahihi ni yangu."

Mimi nilipewa onyo. Yeye aliambiwa asirudi. Alifunga nyundo zake kwenye gunia la sukari, akaondoka bila kuniaga, yeye ambaye huaga hata mbwa wa getini.

Wiki ileile nilienda Bungoma kumwambia injinia yaliyobaki: kwamba nilicheka, na kwamba kama mtu ni wa kwenda nyumbani tulikuwa wawili. Alisikiliza. Alisema ataandika, na akaandika mbele yangu. Lakini alisema hawezi kumrudisha chini ya slabu yake mtu aliyetoa propu kinyume na karatasi. Simlaumu. Ningekuwa yeye, labda ningesema hivyo.

Nilichelewa sana kwenda Kabuchai, nyumbani kwa khocha. Nilimkuta akipalilia miwa. Mke wake alinikaribisha, akaleta chai. Khocha akaniuliza habari za mvua Kitale, kama anavyouliza mgeni. Nikatoa karatasi mfukoni. Sijui nilitaka nini.

"Isome," akasema. "Hapo kwa balkoni."

Nikasoma. Safari hii sikugeuza ukurasa. Nilichukua kijiti, nikamchorea kwenye vumbi: balkoni inaning'inia kutoka ukutani, kwa hiyo nondo zake nzito ziko juu, ndizo zinazoivuta. Ukitoa za ukutani kwanza, ukingo unabaki umekalia propu, tumbo linalegea chini, na chini hakuna nondo za kulishika.

Aliuinamia mchoro. Mikono yake ndiyo iliyofunga nondo zile, moja moja, kwa waya. Alijua ziko wapi kuliko mimi, kuliko injinia.

"Chuma kiko juu," akasema polepole.

"Ndiyo, khocha."

"Si ungeniambia hivyo tu."

Akafuta mchoro kwa mguu, taratibu, akachukua jembe lake.

"Kunywa chai, msimamizi," akasema. "Inapoa."

Tangu nizaliwe alikuwa hajawahi kuniita jina jingine isipokuwa mpwa.