Mshauri wa Kujenga Ukuta

Nilirudi Kakamega kutoka Uarabuni na diploma yangu na pesa zangu, bila kubebwa na mtu. Nilijengea shule moja ya kibinafsi ukuta, kwa ankara ya shilingi 400,000. Kwenye akaunti yangu ya benki zikaingia 380,000 tu. Nikaenda kwa mhasibu wao, akanionyesha vocha ya malipo: kodi ya zuio, ile mlipaji hukata kabla hajakulipa, asilimia tano.

“Ujenzi hukatwa asilimia tatu! Elfu kumi na mbili, si ishirini!”

“Mkubwa, ankara yako inasema ‘Mtaalamu Mshauri’. Washauri tunawakatanga tano.”

“Mshauri gani anapiga plasta?”

“Kodi imeshatumwa serikalini. Utaidai kwenye ritani yako ya kodi, mwisho wa mwaka.”

Elfu nane ile iliyokatwa zaidi ilikuwa ya mafundi wangu. Niliwalipa kutoka mfukoni. Kichwa kile cha ankara nilikibuni mwenyewe kuringia diploma; sasa nimekifuta, nikaandika ‘Mjenzi’.