Siku Nilipotolewa Wingi

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na watu walikuwa na adabu mno, hawakuniambia kwamba sikimbii tena. Miaka kumi na saba nilikuwa nimecheza wingi ya kulia katika timu yetu ya Amu. Sasa mpira ukija, mguu wangu unafika umeshapita. Nikalaumu mchanga, nikalaumu pasi. Nikaenda hata kukimbia kwenye vilima vya Shela kila alfajiri, nikavuna goti bovu na hasira.

Aliyenipasulia ukweli ni kapteni wetu, mwalimu kutoka bara, mdogo wangu kwa miaka kumi.

"Bwana, kesho na Shela huchezi wingi. Utasimama beki wa mwisho, nyuma ya wenzako wote. Ikishindikana, tutakuaga kwa heshima."

Wallahi nilimchukia. Kwetu beki alikuwa mtu asiyejua kuchezea mpira, akawekwa kule asiharibu. Lakini kuagwa sikutaka, hata kwa heshima. Nikaenda.

Tulicheza ufuoni maji yakiwa yamekupwa. Upande wa maji mchanga ni mgumu na mpira unakimbia. Upande wa juu ni laini, mpira unakwama. Nilikuwa nikiyajua hayo tangu utotoni bila kuyafanyia kazi, kwa sababu wingi hana nafasi ya kufikiri, anakimbia tu. Kule nyuma nikawaona wote. Nikamwona anayeomba pasi kabla hajapewa. Namwambia mwenzangu, "Mfuate huyo wa kushoto," nasogea hatua mbili, mpira unanijia wenyewe. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Tukaongoza bao moja. Dakika za mwisho kijana wao mmoja, mvuvi mwenye mbio za ajabu, akawaacha wenzangu wote akanijia. Nyuma yangu alibaki golikipa tu. Miguu ilitaka kumrukia, na najua angenipita kama mlango wazi. Nikajizuia. Nikarudi kinyumenyume, mwili nimeuweka upande, nikamzibia njia ya maji nikamwachia ya juu. Naye akaona uwazi, akaingia. Akausukuma mpira mbele ili anipite kwa mbio. Mchanga laini ukaushika, yeye akaupita. Nikatia mguu nikauchukua taratibu, nikampa mwenzangu.

Filimbi ilipolia niliingia majini kuosha miguu. Kapteni akaja akasimama kando yangu.

"Jumamosi twaenda Chundwa," akasema. "Mabeki utawapanga wewe."

Baada ya siku ile nilicheza miaka mitano zaidi. Kila mechi ya miaka hiyo nimepewa na yule mwalimu, Mungu amlipe kheri, maana wengine wote walionipenda walikuwa wakininyamazia. Lakini siku ile niliinama nikajifanya naosha uso, nikauosha mpaka alipoondoka.