Jivu Langu Mbele ya Kamati

Mimi niliishia darasa la nne, lakini ukipita Ringwani ukaona nyumba ya tofali imenyooka kona zote, uliza nani alizichoma tofali zake. Utaonyeshwa kwangu. Hakuna aliyenifundisha. Hata kuchanganya jivu la magunzi ya mahindi kwenye udongo nilibuni mwenyewe, na watu waliacha kuulizia tofali tu, wakawa wanaulizia tofali za jivu.

Kijiji kilipoamua kujenga madarasa, niliiambia kamati kuta zote ziwe za tofali hizo. Mwenyekiti wetu, mama mmoja ambaye hata ukimsalimia anataka ushahidi, akasema sawa, ila kwanza zipimwe. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa anamaliza chuo cha ujenzi na anatafuta kitu cha kutafiti. Nikafurahi. Shahidi gani atanifaa kuliko damu yangu?

Kero ilianza siku ya kupanga tanuru. Za jivu huwa naziweka katikati, kwenye moto mkali, kwa sababu ndizo za heshima. Zisizo na jivu zinakaa pembeni. Binti akakataa.

"Mjomba, ukipanga hivyo hatutajua nguvu imetoka kwenye jivu au kwenye moto."

"Wewe unanifundisha tanuru?"

"Sikufundishi, mjomba. Naomba tu za kila aina ziwepo katikati, na za kila aina ziwepo pembeni."

Alikuwa ameshazichora kwa msumari zikiwa mbichi: mstari mmoja bila jivu, miwili zenye jivu. Nikamwachia apange, huku nasonya. Zilipopoa akachukua kadhaa kutoka kila upande, akaenda nazo chuoni kuzivunja kwa mashine.

Akarudi na sura ya mtu anayeleta habari za msiba. Shikamoo yenyewe niliisikia kwa shida.

"Mjomba, nilitegemea za jivu ziwe na nguvu zaidi. Haikuwa hivyo. Zilizokaa sehemu moja zimevunjika kwa uzito unaokaribiana, zenye jivu na zisizo nalo."

"Mashine yenu mbovu."

"Mashine ni nzima. Ila za katikati zimeziacha mbali za pembeni, za aina zote mbili."

"Basi andika za jivu zimeshinda. Nani atakwenda kuvunja tena?"

"Siandiki hivyo."

"Chuo kitakufelisha! Umekwenda kutafuta kitu, hukukipata!"

"Hawanifelishi kwa kutokukipata, mjomba. Watanifelisha nikidanganya."

Nilimwambia maneno mengi siku hiyo. Dada yangu akaacha kupokea simu zangu.

Kwenye kikao cha kamati nilikaa mbele kabisa, makusudi, nimvuruge. Hakuvurugika. Akaanza na kile alichodhani atakipata, kisha akasema wazi hakukipata. Mzee mmoja, rafiki yangu wa kuchunga tangu utotoni, akacheka mpaka akakohoa, akaniita kijana kwa Kikurya chetu.

"Mura! Kumbe miaka yote hii umetupikia jivu!"

Nikasimama. "Binti, waambie basi jivu halifai! Sema!"

"Sisemi hivyo, mjomba. Nasema kwa udongo wako, kwa kiasi cha jivu unachoweka, mimi sikuona tofauti. Kiasi kingine sikupima. Udongo wa kwingine sikupima."

Mnaona? Hakunipa ushindi, wala hakunipa kitu cha kugombana naye. Afadhali angenitukana.

Mwenyekiti akauliza, "Sasa kazi yote hiyo imetusaidia nini?"

"Kwa kuwa za aina zote zilikaa kila mahali, tumeona moto umefanya kazi kubwa kuliko jivu. Tofali za mjomba zilizosifiwa ni kweli zilikuwa imara. Zilikuwa zinakaa katikati. Za pembeni msizitie kwenye ukuta wa darasa, hata zikiwa na jivu."

Kamati haikuchukua muda. Wakaamua wachukue tofali kwangu, lakini za katikati tu, na mtu wao awepo tanuru likifunguliwa.

"Na jivu?" nikauliza.

"Weka ukipenda," mwenyekiti akasema, macho tayari kwenye ajenda nyingine.

Nikipenda! Kitu nilichokibuni kwa kichwa changu mwenyewe! Kazi ya madarasa nimeipata, ndiyo, na kila tanuru mtu wa kamati anakuja kugonganisha tofali zangu asikilize mlio, kama ananunua sufuria sokoni. Zisizolia vizuri anazitupa upande, nami nasimama naangalia.

Juzi mpwa wangu kanipigia. Anasema tanuru moja halitoshi, anataka kurudia kwa jivu jingi zaidi. Nikamwambia magunzi yapo, udongo upo, lakini safari hii maji ya kukandia atachota mwenyewe.