Mgonjwa wa Kesi ya Tisa

Nilifagia wodi ya upasuaji pale Masisi kwa miaka sita, na nasema bila haya kwamba Kongo nzima haikuwa na sakafu iliyong'aa kama ile. Nzi walikuwa wakitua, wanateleza. Saa kumi za mchana nikimaliza, nilinawa, nikavaa shati langu moja la heshima, nikapanda kilima kwenda masomo ya jioni ya uuguzi. Tulisomea katika darasa la watoto wa shule ya msingi. Magoti yetu hayakuingia chini ya madawati, kwa hiyo tulikaa upande, kama watu waliopanda pikipiki wamevaa kitenge.

Ilikuwa miaka ya vita. Wenzetu wengine walifika kutoka Walikale na daftari kichwani, juu ya godoro. Milio ikisikika vilimani masomo yalisimama, wiki moja ao tatu. Ikinyamaza, Papa mwalimu, mkuu wa wauguzi aliyekwisha kustaafu, aliendelea kutoka sentensi ileile aliyoiacha.

Vitabu hatukuwa navyo. Tulikuwa na kesi za zamani: maswali ya mitihani iliyopita, yaliyonakiliwa kwa mkono na wanafunzi wa mwaka hadi mwaka. Kila kesi ina mgonjwa na maneno machache juu yake, kisha amri: andika mpango wa huduma. Hatua ni tano. Unakusanya habari zake, unataja tatizo ambalo muuguzi anaweza kulishughulikia, unaweka lengo, unaandika matendo, mwishoni unapima kama lengo limefikiwa. Majibu yalikuwa nyuma ya karatasi, na mimi niliyakariri yote. Usingeniamsha usiku bila kupewa dalili za upungufu wa maji kwa mtoto.

Ndiyo sababu nilianguka. Mtihani wa kwanza ulileta kesi ya kuhara, nikafurahi, nikamwaga jibu lote kwa dakika kumi. Kumbe mgonjwa wa siku ile alikuwa mama wa miaka sitini. Papa mwalimu alisoma karatasi yangu mbele ya darasa, polepole.

"Utambuzi: kipindupindu. Hiyo ni ya daktari, hapana yako. Tuendelee. Matendo: mama yake amunyonyeshe mara mingi." Akavua miwani. "Kaka, mama wa huyu bibi iko wapi? Tumutafute?"

Darasa lilicheka mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia.

"Bado. Tathmini: amepona, anacheza inje. Uko dawa weye! Umeponyesha mutu mwenye hujauliza hata kama anakunywa maji."

Nilipata nne juu ya ishirini. Sheria ilijulikana: kazi ya pili nikianguka, jina langu halipelekwi kwenye mtihani wa diploma, na mimi narudi kwenye fagio mpaka uzee. Kazi hiyo ya pili alinipa palepale, niirudishe Jumatatu. Alichagua kesi ya tisa, na aliichagua kwa makusudi, kwa sababu ukurasa wa majibu yake panya waliumaliza zamani.

Jumamosi nilikwenda dukani kwa mwenzangu wa darasa, mama mmoja wa upande wa Butembo aliyeuza chumvi, sabuni na vitenge. Alisoma uuguzi huku akipima chumvi, na Mungu alimpa sauti ya padri wa misa kubwa. Akaisoma kesi kwa wateja wote:

"Mubebaji wa mizigo wa mugodi wa Rubaya, miaka makumi tatu na ine. Alianguka na muzigo, mfupa wa paja umevunjika. Siku ya tatu kitandani, mguu unavutwa na uzito. Anasema maumivu ni saba juu ya kumi. Hajaenda choo tangu afike. Anakunywa kikombe kimoja kwa siku, sahani ya chakula anarudisha. Kisigino chekundu. Anasema hataki kusumbua wauguzi." Akanitazama. "Bon. Andika: hawezi kwenda choo kwa sababu ya kulala sana. Matunda, maji, basi."

Ningekuwa na jibu la kukariri, ningeandika hivyo hivyo. Lakini mimi ndiye niliyepeleka basini za choo wodini, na watu wa namna ile niliwajua. Mwanaume aliyebeba gunia la mawe kutoka mgodini anaona haya kuomba basini kwa muuguzi wa umri wa dada yake mdogo, mbele ya wageni wa kitanda cha pili. Basi hali, hanywi, ili isifike haja. Wangapi walinisubiri mimi na fagio langu: "Kaka, fanya mbio, kabla dada hajarudi!"

"Hapana, Mama," nikasema. "Huyu hakatai chakula. Anaikimbia basini."

"Nani amekuambia?"

"Yeye mwenyewe. Hataki kusumbua. Soma tena."

Alisoma tena, kimya safari hii. Mteja mmoja aliyengoja sabuni akasema, "Ni kweli. Mume wangu alifanya vile siku ine."

Nikaandika mpaka kalamu ikapata moto. Matatizo matatu, kila moja na sababu yake na dalili zake: maumivu ya mfupa uliovunjika; kukosa choo kwa sababu ya kulala, kunywa kidogo na kuona haya; na ngozi ya kisigino iliyoanza kuumia kwa kugandamizwa. Malengo niliyapa saa. Nusu saa hadi saa moja baada ya dawa, aseme maumivu ni tatu ao chini. Kesho jioni awe amekunywa vikombe sita na amekwenda choo. Matendo: dawa kama daktari alivyoandika, kisha kumuuliza tena, uzito uning'inie huru, usiguse sakafu, vidole vya mguu vitazamwe rangi na joto, mto mdogo chini ya shavu la mguu, kisigino kiwe hewani, kitenge kitundikwe kama pazia, na basini iletwe na mwanaume saa zilizopangwa, bila yeye kuomba.

Sehemu ya mwisho ya kesi ilieleza hali ya kesho yake jioni: maumivu tatu, vikombe sita, wekundu umepungua. Choo bado.

"Hapo uandike ameenda," Mama akanishauri. "Musahihishaji anapenda wagonjwa wapone. Na weye unatafuta pointi, hapana ukweli."

Kwa kweli nilinyanyua kalamu. Nne juu ya ishirini ilikuwa imenikalia shingoni. Lakini kesi ilisema bado, na nilishamponya bibi wa watu mara moja. Nikaandika: lengo la choo limefikiwa nusu, anakunywa ila hajaenda; mpango ubadilishwe, tumbo lichunguzwe, daktari aambiwe juu ya dawa ya kulainisha, tupime tena kesho asubuhi.

Jumatatu Papa mwalimu alisoma karatasi yangu amesimama mlangoni, na mimi nilijifunza kwamba mtu anaweza kuishi robo saa bila kupumua.

"Kumi na sita," akasema. "Mwaka huu darasa hili limenipa wagonjwa mia, bote bamepona siku moja. Huyu wako ndiyo wa kwanza mwenye nimeamini." Akaandika jina langu kwenye orodha ya diploma, akauliza, "Hii ya pazia na basini umeitoa kwa kitabu gani?"

"Kwa sakafu, Papa."

Mama alininyang'anya karatasi, akaisoma yote, akafungua daftari lake nene la kesi. Jioni ile, kwa kifutio cha dukani kwake mwenyewe, alifuta wagonjwa kumi na wawili waliopona, akaanza kuwauliza upya.