Mlio wa Kitufe Kabla ya Meno

Tk. Kamlio kadogo, kama ukucha ukigonga plastiki, na papo hapo mvua iliyokuwa ikipiga bati kwa nguvu ikawa manyunyu. Mvua ya Tukuyu haikatiki hivyo. Nikairudisha rekodi nyuma. Tk. Kisha mtoto, kwa sauti safi: "Meno."

Kwa zaidi ya mwaka, kila Jumamosi, mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Ibighi alimrekodi binti yake kwa kinasa sauti changu. Mwanzoni mtoto alisema "meno" na "macho" kama alivyosikia. Baadaye akaanza "majino" na "majicho", kwa mfano wa jina na majina. Halafu, ndani ya wiki mbili, makosa yote yakatoweka.

Sura ya nne ya tasnifu yangu ilisimama juu ya kutoweka huko. Wanaosema mtoto huzaliwa na uwezo wa kuunda kanuni hulieleza kosa kuwa kumbukumbu imechelewa kuleta neno la pekee. Likishakaa imara, huizuia kanuni. Wanaotegemea matumizi husema mtoto hujenga ruwaza, yaani mifumo ya maneno, kutokana na anayoyasikia, hivyo makosa hupungua polepole, neno linalosikika sana likitangulia. Wa kwanza nao hukubali kwamba kumbukumbu hukua taratibu, lakini ughafla ule uliwasumbua zaidi wa pili. Niliandika hivyo, na msimamizi wangu alikuwa ameipeleka sura kwenye jopo la watahini.

Nikasikiliza upya rekodi zote. Kabla ya zile wiki mbili, hakuna mlio hata mmoja. Kuanzia hapo, milio tele. Nilikishuku kifaa, nikamshuku yule mwalimu, mama wa mtoto, nikashuku hata masikio yangu. Asubuhi nikapanda hadi kwake.

"Mwalimu, kinasa huwa kinazimwa katikati?"

Akacheka. "Sasa mdogo wangu, ulitaka niaibike? Mtoto wa mwalimu aseme majino mbele ya watu wa chuo kikuu! Nasimamisha, namsahihisha, akipatia ndiyo nawasha."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ulipocheka ukaandika kwenye daftari lako."

Nilikumbuka. Nilicheka kwa furaha. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimemsikia mtoto mwenyewe, si rekodi, akisema "majicho". Yeye aliona mtahini.

Mtoto akaacha uji, akapanua mdomo. "Ona majino yangu!"

"Unaona?" mama akasema. "Huyu kazi yake kuniumbua."

Nikamgusa kope. "Na haya?"

"Macho," akajibu, akinishangaa.

Macho yalikuwa yamerudi, meno bado. Huenda ndivyo wanavyosema wa matumizi: polepole, neno moja moja. Huenda ni bahati ya asubuhi moja. Rekodi ambazo zingeamua zilikuwa zimekatwa, na aliyezikatisha ni mimi, kwa kicheko changu.

Nikatoka hadi kwenye migomba, nikapiga simu.

"Shikamoo, Profesa. Samahani. Naomba sura ya nne uirudishe kabla jopo halijaisoma."