Muhuri Ambao Chuo Hakikuupiga

Mwaka ule walipotufukuza mtaani, Kolwezi, mi nilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea: barua ya kukubaliwa kusomea uuguzi katika chuo kikuu ng'ambo ya mpaka, Zambia. Ilikuja kwa imeli. Mjomba wangu, kaka wa mama, mwenye malori ya kwenda mpakani, ndiye angelipa karo. Lakini jirani yetu alishatapeliwa kwa barua ya namna hiyo, binti yake akafika getini hakuna anayemjua. Kwa hiyo mjomba alisema: "Musajili wa chuo aandike yeye mwenyewe kama barua iko yabo. Bila hiyo, mi sitoi kitu."

Nilimwona mkorofi. Alikuwa na haki, ila nani ana subira wakati ardhi inazama chini yake? Watu walichimba kobalti hadi chini ya vitanda vyao. Nyumba ya nyuma yetu ilitumbukia na mama na watoto wake ndani, tukasikia kilio kikififia chini ya sakafu. Baada ya maziko wakaja askari na tingatinga kuubomoa mtaa. Aliyechelewa kutoka alipigwa kwa mkanda, mzee kwa kijana. Simu yangu ilivunjwa kwa buti mbele yangu.

Barua kwa msajili niliiandika kwenye duka la kompyuta karibu na soko. Anwani niliichukua kwenye tovuti ya chuo, siyo ile iliyo chini ya barua, maana tapeli naye huweka anwani yake. Nikaweka jina langu lote, namba ya maombi, kozi na tarehe ya barua. Nikauliza: je, ninyi ndio mliitoa, na akaunti ya karo ni yenu?

Ningeambatisha ile ile iliyokuja kwa imeli. Lakini baba, karani wa komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, alishaichapisha, akanipa ndani ya bahasha iliyofungwa. "Tuma hii," aliniambia, "iko safi kupita ile ya mu mashini." Nilimtii. Mwenye duka alipoichana bahasha, risasi za askari, masasi kwetu, zikalia barabarani, nami nikalala chini ya meza. Mwanamume mmoja aliangukia kizingitini, damu ikaingia hadi kwenye miguu ya viti. Mwenye duka aliskani na kutuma akiwa amepiga magoti. Mi sikuona kilichotumwa.

Jibu lilitukuta kwa mjomba, tulikokimbilia baada ya nyumba yetu kubomolewa. Niliifungua imeli kwenye simu yake, uani, nikawatafsiria wote. Ofa ni yetu, msajili aliandika, na akaunti ni yetu. Lakini nakala uliyoambatisha imebadilishwa: ina muhuri na sahihi ambavyo ofisi hii haikuweka. Barua zetu za ofa hazipigwi muhuri. Eleza kwa maandishi kabla ya mwisho wa juma, la sivyo nafasi itafutwa.

Nilimgeukia baba. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Karatasi bila kashe, nani ataiheshimu?" alisema. Kashe ndiyo muhuri kwetu. "Mi niko komini miaka yote. Mutu akileta karatasi haina kashe, banamutupia mu uso. Nilitaka batoto ya bengine basikupite. Nikaenda kwa fundi, akanichongea kashe."

Mjomba hakungoja amalize. Alimpiga ngumi ya mdomo, akamwangusha, kisha akachukua mpini wa jeki akampiga mbavuni, na tena mkononi. Mama alimrukia kaka yake mgongoni akimng'ata sikio. Na mi? Nilisimama tu na simu mkononi, nikitaka apigwe zaidi. Kichwani nilikuwa na neno moja: kufutwa.

Mjomba alipochoka alitema mate pembeni. "Andika kama ni ule wa duka la kompyuta," aliniagiza. "Hakuna atakayekwenda kumuuliza."

"Hapana," baba akasema kutoka chini. Meno mawili yalikuwa yametoka. "Ule mutu alikuwa anapigiwa masasi sababu yetu. Andika kama ni mi. Andika jina yangu na kazi yangu."

"Tata, wakiuliza komini, watakufunga."

"Andika."

Niliandika. Jina lake lote, karani, komini ipi. Nikasema aliweka muhuri na sahihi bila mimi kujua, akidhani anaipa barua nguvu. Safari hii nikamtumia msajili ile imeli ya ofa jinsi ilivyokuja, bila kuigusa.

Msajili akajibu: barua ya imeli ni halisi, nafasi yako ipo, maelezo ya baba yako tumeyapeleka kwa mwajiri wake kama utaratibu wetu unavyotaka.

Mjomba alilipa siku hiyo hiyo. Asubuhi nilipopanda lori lake, polisi wawili walikuwa wamekaa uani wakimngoja baba avae shati. Mkono uliovunjika haukuingia, na mama alikuwa anaukata mkono wa shati kwa mkasi.